Kitabu cha karatasi, kisomeo na balbu ya chumbani: niliyojifunza kuhusu kusoma kabla ya kulala

Ukitaka kujua kama kitabu cha karatasi kitakufaa usiku kuliko kisomeo cha kielektroniki, yaani kifaa cha kusomea vitabu kama Kindle, anza na balbu ya chumbani kwako. Ishushe, usome kilichoandikwa pembeni. Mimi nilifika kwenye balbu hiyo baada ya kuzunguka sana na kutumia hela ambazo ningeweza kuziokoa, ndiyo maana naandika.

Naishi Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo katika ofisi ya uwakala wa forodha. Kutwa nzima niko mbele ya kompyuta, simu haikomi kulia, na dereva aliyekwama na lori lake hatoki mlangoni mpaka apewe jibu. Narudi nyumbani kama saa mbili na nusu usiku, ila kichwa kinabaki mpakani. Kwa muda mrefu nilikuwa napanda kitandani saa nne na kuanza kukagua makontena akilini, hili limelipiwa, lile bado, hadi saa saba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watoto wanahitaji kuandaliwa. Mtu akikaa hivyo miezi, anaanza kugombana na kila mtu, na nilikuwa nimeanza.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Aliniambia nisome kitu kisicho na faida yoyote kazini, kila siku saa ile ile, halafu nizime taa. Nikaanza na simu, kwa kuwa iko mkononi tayari. Hadithi zilinivutia, lakini hadithi na kundi la ofisini zilikuwa ndani ya kioo kimoja. Ujumbe ukishuka juu ya ukurasa kwamba gari fulani limezuiwa, hata usipoufungua umeshausoma. Nikiuzima ule mlio, kidole chenyewe kilikuwa kinaenda kutazama. Simu niliiacha, na sikuona haja ya utafiti wowote kunithibitishia.

Swali la karatasi au kisomeo ndilo lililonichosha. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba imethibitishwa vitabu vya kielektroniki vinaua usingizi. Nikatafuta uthibitisho wenyewe. Unaotajwa zaidi ni utafiti wa Boston uliotoka mwishoni mwa mwaka 2014, uliofanywa na watafiti wa Brigham and Women's Hospital. Watu 12 walikaa wiki mbili ndani ya maabara. Kwa jioni tano mfululizo walisoma kwenye kifaa chenye mwanga wake, na kwa jioni nyingine tano walisoma kitabu cha karatasi. Walipotumia kifaa walichelewa kusinzia kwa dakika 10 hivi, melatonini yao, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ilishuka kwa zaidi ya nusu, na asubuhi waliamka wazito.

Ukiusoma kwa utulivu unaona mambo ambayo wasimuliaji huyaacha. Kifaa kilikuwa iPad, mwanga umepandishwa hadi mwisho, na walisoma kwa muda wa saa nne kila jioni. Hakikuwa kisomeo cha wino wa kielektroniki. Tena waliosoma karatasi walisomea katika chumba chenye mwanga hafifu sana. Nani kati yetu ana chumba cha namna hiyo? Hapa jua linachwa karibu saa moja jioni mwaka mzima, na kuanzia hapo hadi kulala tunaishi chini ya taa kwa saa tatu au nne.

Hata hivyo nilirudi kwenye karatasi kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi. Vitabu vya Kiswahili madukani Uganda ni vichache, lakini mimi navuka tu upande wa Kenya na kurudi na riwaya mbili tatu. Nikasoma kila usiku kwa wiki kadhaa. Kichwa kilitulia kweli, makontena yaliondoka, ila macho yalibaki makavu na usingizi haukuja mapema kama nilivyotarajia. Tena nyumbani kukazuka neno. Mume wangu huondoka alfajiri, hulala saa tatu na nusu, na taa yetu iko katikati ya dari. Alivumilia, kisha usiku mmoja akasema, "Mama watoto, hiyo taa inanipiga usoni kama taa ya karakana."

Hapo ndipo niliposhusha balbu. Ilikuwa ya wati 9, na pembeni imeandikwa 6500K. Namba hiyo inaeleza rangi ya mwanga. Kadiri inavyopanda, mwanga unakuwa mweupe na kuelekea ubuluu kama wa anga la mchana. 2700K au 3000K ni ule wa manjano wa balbu za zamani. Nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, na zinaitikia zaidi mwanga wa buluu. Kwa hiyo nilikuwa nimeshika karatasi, lakini nasomea chini ya mchana mdogo uliotundikwa darini. Karatasi haina mwanga wake, inarudisha machoni kile ilichopewa na taa. Nchini kwetu taa hiyo mara nyingi ni 6500K, kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani na watu wanaona inang'aa zaidi kwa bei ile ile.

Nikanunua balbu ya 3000K kwa ajili ya dari, ya pini kama ile ya kwanza. Uliza muuzaji akuonyeshe namba kwenye boksi. Ukimwambia "ya manjano" tu anaweza kukupa balbu ya rangi, ya mapambo. Lakini rangi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mahali taa ilipo, na hapa kuna hesabu ambayo ningetamani nifundishwe mapema.

Mwanga unapungua haraka unapokwenda mbali: ukiisogeza taa ikawa nusu ya umbali wa awali, ukurasa unapata takriban mara nne. Balbu ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, lumeni ikiwa ni kipimo cha wingi wa mwanga, na yangu ilikuwa mita mbili kutoka kwenye kitabu. Taa ndogo ya wati 2 hutoa kama lumeni 180. Ukiiweka nusu mita kutoka kwenye ukurasa, umbali umepungua mara nne, kwa hiyo kila lumeni inafanya kazi mara 16. Ukurasa unapata mwanga kama mara tatu na nusu ya ule wa balbu kubwa, na chumba kizima kinapata chini ya robo. Yaani unaona herufi vizuri zaidi, na aliyelala pembeni yako anakaa gizani. Na mwanga ukizidi ukurasani, unaisogeza taa nyuma kidogo.

Taa yangu ya mezani, ya kuchaji, ilinigharimu shilingi 35,000. Naiweka nyuma ya bega la kushoto, chini ya usawa wa macho, imegeukia kitabu. Kipimo changu ni hiki: nikiwa nimejiegemeza tayari kusoma, naweka kiganja kwenye paji la uso kama ukingo wa kofia. Nikisikia macho yamepata nafuu, basi mwanga ulikuwa unaingia machoni moja kwa moja, na naisogeza taa. Nisipoona tofauti, iko sawa. Kisha natazama ukurasa wenyewe. Karatasi ikionekana nyeupe ya kuumiza, mwanga umezidi. Unatakiwa kuupunguza mpaka herufi zisomeke bila kukaza macho, na hapo hapo uishie.

Halafu kuna neti. Maelezo mengi ya kusoma kitandani yameandikwa na watu wasiolala ndani ya neti, na sisi bila neti ni malaria. Taa ikiwa nje ya neti, nyuzi zinatawanya mwanga na kutia ukungu kwenye ukurasa. Ikiwa ndani, lazima iwe ya betri, isiyopata joto. Mshumaa au kibatari ndani ya neti au karibu nayo usithubutu kabisa, hata umeme ukikatika. Neti nyingi ni za poliesta, zikishika moto zinayeyuka na kuganda mwilini. Usiifunike taa kwa kitambaa au karatasi kupunguza mwanga, igeuzie ukutani usomee ule unaorudi. Na mwanga mweupe unaita wadudu zaidi ya ule wa manjano. Wanaotega senene Masaka hawatumii taa kali nyeupe kwa bahati mbaya. Tangu nibadilishe balbu, wadudu wanaojibamiza kwenye neti yangu ni wachache, na hilo peke yake linanitosha.

Kisomeo nilikinunua baadaye, kwa sababu ya usiku ambao umeme haupo na taa haijachajiwa, na kwa sababu ya uhaba wa vitabu. Kilikuwa Kindle kilichotumika, shilingi 420,000, kutoka duka moja Kampala. Muuzaji alinionyesha kinawaka, kinageuza kurasa, akasema, "Nyabo, hiki ni kama kipya." Nilipofika nyumbani kikawa bado kimesajiliwa kwa jina la mwenye nacho wa kwanza. Nilisafiri kurudi, nikabishana, na kwa bahati mtu huyo alipatikana kwa simu akakiondoa kwenye akaunti yake. Ukinunua cha mkono wa pili, ingia kwenye Settings ukiwa bado dukani uone jina la nani limo. Kama limo la mtu, muuzaji abonyeze Deregister mbele yako, kisha ukiunganishe na intaneti na ujisajili mwenyewe kabla hujatoa hela. Kifaa kilichoripotiwa kuibwa hukataa kusajiliwa, na utakigundua pale pale. Pandisha pia mwanga hadi mwisho ndani ya chumba chenye giza, uone kama kuna doa au kona iliyofifia.

Sasa nieleze kwa nini kisomeo hiki hakifanani na iPad ya Boston. Ndani ya kioo chake kuna chembechembe nyeusi na nyeupe zenye chaji ya umeme. Umeme ukipita zinapanda au kushuka, zinaunda herufi, kisha zinatulia hapo bila kutumia umeme tena. Ndiyo maana chaji inakaa wiki nzima na zaidi. Ukurasa wenyewe hauwaki, mchana unausoma kwa mwanga wa jua kama karatasi. Usiku kuna taa ndogo kwenye kingo za kioo, nazo zinamwaga mwanga juu ya ukurasa ndipo urudi machoni. Simu na tableti hutoa mwanga kutoka nyuma ya kioo, ukuelekee wewe.

Lakini mwanga unaorudi bado ni mwanga. Mtu akiweka kisomeo kwenye kiwango cha juu ndani ya chumba cha giza, amejiondolea faida. Changu kina viwango hadi 24, na ndani ya neti natumia 4 au 5. Ni toleo la zamani, mwanga wake ni mweupe wenye ubaridi. Kama una uwezo, tafuta toleo ambalo unaweza kuugeuza mwanga uwe wa manjano. Kindle za aina ya Paperwhite zimekuwa na uwezo huo tangu mwaka 2021. Kwa kiwango cha chini kama hicho, na saa moja tu ya kusoma, mimi naona mwanga wake machoni ni mdogo kuliko wa karatasi chini ya balbu ya 6500K. Hiyo ndiyo sababu nasema swali la karatasi au kisomeo linajibiwa na taa kwanza.

Mambo mawili madogo kwenye kisomeo yalikuwa yananikesha. Moja ni intaneti. Nikimaliza kitabu, duka la vitabu lilikuwa hapo hapo kwenye kioo, natafuta kingine mpaka saa sita. Sasa navishusha vitabu Jumamosi mchana, kisha Airplane Mode inakaa wiki nzima. La pili ni yale maandishi chini ya ukurasa yanayoonyesha dakika zilizobaki kumaliza sura. Ukiona zimebaki dakika saba, unasema nimalizie. Ukigusa kona ile ya chini kushoto mara kadhaa, yanatoweka. Na usijisumbue na vitabu vya PDF usiku. Ukurasa umepangwa kwa karatasi kubwa, kwenye kioo kidogo herufi zinakuwa punje, unaishia kuvuta huku na kule. Tafuta EPUB, ambamo herufi hujipanga upya kwa ukubwa wa kioo, na kwenye Kindle uitume kwa Send to Kindle, maana ukiinakili tu kwa waya haifunguki.

Kuna utafiti mwingine uliobadilisha mchana wangu badala ya usiku. Mwaka 2016 watafiti wa Uppsala, Sweden, waliwaweka vijana 14 kwenye mwanga mkali wa mchana kwa saa sita na nusu, halafu jioni wakawapa tableti au kitabu wasome kwa muda wa saa mbili. Melatonini na usingizi havikutofautiana. Idadi ni ndogo, lakini maana yake kwangu ilikuwa nzito, kwa sababu ofisi yetu haina dirisha linalofaa na nilikuwa nafanya kazi gizani mchana kisha naingia kwenye mwanga usiku. Sasa chai ya saa nne na chakula cha mchana ninakula nje, chini ya mwembe. Hata kivulini Uganda, mwanga wa nje ni mara nyingi zaidi ya ule wa ofisini.

Nimesema mengi ya taa, na kusoma kwenyewe je? Huko Ireland waliwagawa watu 991 kwa bahati nasibu. Wengine walisoma kitabu kitandani kabla ya kulala kwa siku saba, wengine wasisome. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliosoma, asilimia 42 walisema usingizi wao umekuwa bora. Wasiosoma, asilimia 28. Ni maelezo ya watu wenyewe, hawakupimwa kwa mashine, lakini pengo linaonekana. Pia linaonyesha kwamba wengi waliosoma hawakuona mabadiliko, kwa hiyo usijilaumu kikikukatalia.

Kwangu kusoma kunafanya kazi kwa sababu akili haiwezi kufuata sentensi ya mtu mwingine na orodha ya makontena kwa wakati mmoja. Hadithi inakamata ile sehemu inayojisemesha. Kwa hiyo aina ya kitabu ni muhimu. Ya upelelezi, inayokatisha kila sura mtu akiwa na kisu shingoni, naisoma Jumapili mchana. Cha biashara au dini chenye kunidai nibadilike kesho nacho si cha usiku, kwa sababu kinaniacha nikipanga. Usiku nataka simulizi la mwendo wa polepole, kumbukumbu za safari, hadithi fupi zinazoisha kwa kurasa kumi, au kitabu ninachokijua mwisho wake. Na ninasimama katikati ya sura, mara tu ninapojikuta nimerudia mstari ule ule mara mbili. Nikingoja sura iishe, usingizi unapita na unaweza kukawia kurudi.

Karatasi ninaipenda zaidi kwa jambo moja. Ikiniangukia kifuani nimeshalala, hakuna kinachowaka. Kisomeo natumia umeme ukikatika na siku mume wangu anapohitaji giza kabisa. Kwa wanaoishi kwenye chumba kimoja cha kupanga na watoto, ningesema kisomeo kwenye kiwango cha 3 kinasumbua wengine kidogo kuliko taa yoyote.

Usiku ambao nimezima na nimegeuka geuka kama dakika ishirini bila kitu, natoka kitandani. Dada alinisisitizia hili zaidi ya yote, kwamba kitanda kisizoee kuwa mahali pa kukesha. Nakaa kwenye kiti cha sebuleni na taa ya manjano, nasoma karatasi mpaka kope ziwe nzito, ndipo narudi. Kwenye chumba kimoja inatosha kuhamia mkeka au kigoda nje ya neti, umejifunika shuka miguu kwa ajili ya mbu. Ikiwa hali hiyo inajirudia usiku mwingi wa wiki kwa miezi, au unakoroma na kukabwa pumzi, au unaamka alfajiri na huzuni isiyoondoka, hapo nenda zahanati ukamweleze daktari, na usinunue kisomeo kwanza.